Mstari Ulio Karibu Zaidi na Kipeuo cha Pili

Kikokotoo kinajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ukibonyeza alama ya kipeuo cha pili, hakina mahali pa kuchungulia jibu. Lazima kilijenge kwa matendo hayo manne. Njia mojawapo ya kulijenga ni kutafuta polinomia, yaani hesabu ya aina ya a + bx au a + bx + cx², ambayo thamani zake zinakaribiana na kipeuo cha pili cha x, kisha kuitumia hiyo badala ya kipeuo chenyewe. Polinomia haidai chochote zaidi ya kuzidisha na kujumlisha.

Tatizo ni kwamba polinomia za namna hiyo hazina idadi. Kila ukibadilisha a au b kidogo, umepata nyingine. Kati ya zote hizo, ipi ndiyo iliyo karibu zaidi na √x? Swali hili lina jibu moja tu, na jibu hilo linapatikana kwa kalamu na karatasi, kwa kutumia wazo ambalo wengi walikutana nalo shule ya msingi: pembe mraba.

Tuchukue kazi yenyewe. Tunataka x iende kuanzia 0 hadi 1, na tunatafuta mstari mnyoofu ulio karibu zaidi na √x katika safari hiyo yote, kisha tutafute parabola iliyo karibu zaidi. Anayeanza angeweza kuunganisha ncha mbili za grafu. Kipeuo cha 0 ni 0 na cha 1 ni 1, kwa hiyo mstari wake ni y = x. Lakini kipeuo cha 0.25 ni 0.5, na mstari huo unatoa 0.25, nusu ya jibu. Isitoshe, mstari huo uko chini ya grafu mahali pote isipokuwa kwenye ncha. Mwingine angechora mstari unaogusa grafu pale inapoanzia na kufuata mwelekeo wake. Hapo napo hakuna msaada, kwa sababu kwenye 0 grafu ya √x inapanda wima kabisa. Kabla ya kutafuta mstari, basi, tunapaswa kukubaliana neno "karibu" lina maana gani.

Maana ya kuwa karibu

Katika kila x kuna tofauti kati ya √x na mstari wetu. Mahali pengine mstari uko juu na tofauti ni hasi. Mahali pengine uko chini na tofauti ni chanya. Tukizijumlisha hivyo hivyo, hasi na chanya zitafutana, na mstari mbaya utaonekana mzuri. Kwa hiyo kila tofauti tunaizidisha kwa yenyewe, tunapata miraba ambayo haiwezi kuwa hasi, halafu tunachukua wastani wa miraba hiyo kuanzia 0 hadi 1. Mstari wenye wastani mdogo kuliko yote ndio tutakaouita ulio karibu zaidi.

Kuna vipimo vingine vya ukaribu, na tutakutana na kimoja mbele. Lakini miraba ina sifa ambayo vingine havina: inatupatia kanuni ya Pythagoras, na palipo na Pythagoras pana pembe mraba.

Fundi muashi akitaka kujua taa inayoning'inia darini iko umbali gani kutoka sakafuni, hudondosha timazi. Uzi unashuka na kukutana na sakafu kwa pembe mraba, na pale unapogusa ndipo palipo karibu zaidi na taa kuliko sehemu nyingine yoyote ya sakafu. Ukichagua sehemu nyingine, hata iwe kando kidogo tu, umbali kutoka kwenye taa hadi hapo unakuwa upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba, na uzi wa timazi ni mmoja wa pande fupi za pembetatu hiyo. Kwa Pythagoras, upande mrefu hauwezi kuushinda uzi kwa ufupi.

Katika kazi yetu, taa ni √x. Sakafu ni mkusanyiko wa mistari yote ya aina ya a + bx. Inastahili kuitwa sakafu kwa sababu ukijumlisha mistari miwili unapata mstari, ukizidisha mstari kwa namba unapata mstari, na namba mbili, a na b, zinatosha kutaja mahali ulipo. Kipeuo cha pili si mstari, kwa hiyo kiko nje ya sakafu hiyo, kinaning'inia. Kutafuta mstari ulio karibu zaidi ni kudondosha timazi kutoka kwa √x hadi sakafuni. Tukiruhusu parabola, sakafu inapata mwelekeo wa tatu. Haichoreki tena kirahisi, lakini hesabu yake ni ile ile.

Kinachobaki ni kujua funksheni mbili zinakutana vipi kwa pembe mraba. Wanaojua vekta wanakumbuka kwamba mishale miwili ina pembe mraba kati yake iwapo ukizidisha sehemu zake moja moja na kujumlisha, unapata sifuri. Funksheni nayo ina sehemu, moja kwa kila x, ila sehemu hizo ni nyingi mno kujumlishwa moja moja. Badala ya jumla tunachukua eneo lililo chini ya grafu ya zao lao, yaani integrali, kuanzia 0 hadi 1. Eneo lililo chini ya mhimili wa x linahesabiwa kuwa hasi. Eneo hilo likiwa sifuri, funksheni hizo mbili ziko kwa pembe mraba.

Kwa maeneo yote ya makala hii tunahitaji kanuni moja ya kalkulasi: kuanzia 0 hadi 1, eneo chini ya x iliyopandishwa kwa kipeo n ni 1/(n + 1). Eneo chini ya x ni 1/2, chini ya x² ni 1/3. Kwa kuwa √x ni x kwa kipeo cha nusu, eneo lake ni 2/3. Kwa njia hiyo hiyo, eneo la x√x ni 2/5 na la x²√x ni 2/7.

Polinomia za msingi

Sakafu yetu imejengwa kwa 1 na x, lakini hizi mbili zimeinamiana: zao lao ni x, na eneo lake ni 1/2, si sifuri. Tunazinyoosha kwa kutoa kutoka kwa x kile kilicho sambamba na 1, yaani wastani wake, 1/2. Inabaki x − 1/2. Tukiizidisha kwa 2 ili kuepuka sehemu, tunapata 2x − 1. Eneo lake ni 1 − 1 = 0, kwa hiyo sasa iko kwa pembe mraba na 1. Tukifanya vivyo hivyo kwa x², tukitoa kilicho sambamba na 1 na kilicho sambamba na 2x − 1, kisha tukaizidisha ili isiwe na sehemu, tunafika kwenye 6x² − 6x + 1. Msomaji anaweza kuihakiki: eneo lake ni 2 − 3 + 1, ambalo ni sifuri.

Utaratibu huu wa kunyoosha hatua kwa hatua unajulikana kwa majina ya Gram na Schmidt. Polinomia zenyewe ni za Adrien-Marie Legendre, Mfaransa aliyezifikia katika miaka ya 1780 alipokuwa akichunguza mvuto wa maumbo yanayokaribia kuwa tufe. Yeye alizitumia kuanzia −1 hadi 1. Hizi zetu ni zile zile zilizosogezwa zikae kati ya 0 na 1. Legendre huyo huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1805 njia ya miraba midogo zaidi, katika kitabu chake kuhusu mizunguko ya vimondo vyenye mkia.

Hesabu yenyewe

Sasa tunaandika makadirio yetu kama jumla ya polinomia hizi, kila moja ikiwa na kizidishi chake. Tunadai kwamba tofauti kati ya √x na makadirio iwe kwa pembe mraba na kila polinomia ya msingi. Dai hili linarahisika mno, kwa sababu polinomia zenyewe ziko kwa pembe mraba: tukizidisha kwa mojawapo na kuchukua eneo, nyingine zote zinatoweka. Kizidishi cha kila moja kinakuwa eneo la zao lake na √x, likigawanywa kwa eneo la mraba wake.

Kwa polinomia ya kwanza, 1, eneo la zao ni 2/3 na eneo la mraba wake ni 1. Kizidishi ni 2/3, ambacho ndicho wastani wa √x kuanzia 0 hadi 1.

Kwa 2x − 1, eneo la zao ni mara mbili ya 2/5 ukitoa 2/3, yaani 4/5 − 2/3 = 2/15. Eneo la mraba wake ni 1/3. Tukigawanya tunapata 2/5.

Kwa 6x² − 6x + 1, eneo la zao ni 12/7 − 12/5 + 2/3. Tukileta zote kwenye asili ya 105 tunapata 180 − 252 + 70, yaani −2/105. Eneo la mraba wake ni 1/5, na kizidishi ni −2/21.

Tukiishia kwenye polinomia mbili za kwanza, tuna mstari wetu:

2/3 + (2/5)(2x − 1) = 4/15 + (4/5)x

Tukiongeza ya tatu, tuna parabola yetu:

2/3 + (2/5)(2x − 1) − (2/21)(6x² − 6x + 1) = (6 + 48x − 20x²)/35

Hivi ndivyo zinavyolingana na kipeuo chenyewe:

| x | √x | mstari | parabola |
|---|---|---|---|
| 0 | 0 | 0.2667 | 0.1714 |
| 0.25 | 0.5000 | 0.4667 | 0.4786 |
| 0.50 | 0.7071 | 0.6667 | 0.7143 |
| 0.75 | 0.8660 | 0.8667 | 0.8786 |
| 1 | 1 | 1.0667 | 0.9714 |

Aliyefanya hesabu hii kwa mkono ana njia ya haraka ya kujikagua. Kwa kuwa tofauti iko kwa pembe mraba na 1, wastani wa makadirio lazima uwe sawa kabisa na wastani wa √x, yaani 2/3. Kwa mstari: 4/15 + 2/5 = 2/3. Kwa parabola: 6/35 + 24/35 − 20/105 = 2/3. Kama jumla hizi zingekuwa na hitilafu hata ndogo, tungejua kuna kizidishi kilichokosewa.

Kosa linajulikana bila kulipima

Hapa ndipo pembe mraba inapolipa. Timazi, sakafu na taa ni pembetatu, kwa hiyo mraba wa urefu wa √x ni sawa na mraba wa urefu wa makadirio kujumlisha mraba wa kosa. Mraba wa urefu wa √x ni eneo la zao lake na yenyewe, yaani eneo chini ya x: 1/2. Kila polinomia tunayoiongeza inakata kipande chake kutoka kwenye hiyo nusu, na kipande hicho ni mraba wa kizidishi mara eneo la mraba wa polinomia.

Ya kwanza inakata 4/9, kunabaki 1/18. Ya pili inakata 4/75, kunabaki 1/450. Ya tatu inakata 4/2205, kunabaki 1/2450. Hizo ndizo wastani wa miraba ya makosa. Tukichukua vipeuo vyake, kosa la kawaida la namba moja tupu ni 0.236, la mstari ni 0.047, na la parabola ni 0.020. Hatukulazimika kupima tofauti kwenye x hata moja.

Namba hizo zina mpangilio. 18 ni mara mbili ya mraba wa 3, 450 ni mara mbili ya mraba wa 15, na 2450 ni mara mbili ya mraba wa 35. Nazo 3, 15 na 35 ni 1 × 3, 3 × 5 na 5 × 7. Polinomia ya daraja la tatu inaendeleza mfuatano kwa 7 × 9, yaani 63, na kosa lake ni 0.011. Kutoka namba tupu kwenda kwenye mstari kosa lilipungua mara tano. Kutoka parabola kwenda daraja la tatu halikupungua hata mara mbili. Mfuatano huu unatuambia mapema kwamba kuongeza daraja tu ni njia ya polepole kwa funksheni hii.

Angalia pia kitu kingine. Tulipotoka kwenye mstari kwenda kwenye parabola, 2/3 na 2/5 hazikuguswa. Tuliongeza tu −2/21. Lakini katika maandishi ya kawaida, namba iliyo peke yake ilihama kutoka 4/15 hadi 6/35, na kizidishi cha x kikatoka 4/5 hadi 48/35. Anayefanya kazi kwa 1, x na x² moja kwa moja analazimika kuanza upya kila anapoongeza daraja.

Si usumbufu pekee unaomkabili. Kwa mstari atatatua milinganyo miwili, a + b/2 = 2/3 na a/2 + b/3 = 2/5, na atapata jibu lile lile. Lakini jedwali la 1, 1/2, 1/3 na kuendelea linalojitokeza hapo lina sifa mbaya, nalo linaitwa kwa jina la David Hilbert, aliyeliandikia mwaka 1894. Kwa milinganyo kumi, hitilafu ndogo katika namba za kuanzia inaweza kukuzwa zaidi ya mara trilioni kumi. Kompyuta kwa kawaida hubeba tarakimu kama 16, kwa hiyo zinaweza kubaki tatu tu za kuaminika. Dalili yake ni hii: badilisha tarakimu ya mwisho ya namba uliyoingiza, na vizidishi vinaruka vibaya, ingawa grafu karibu haisogei. Polinomia za Legendre hazina ugonjwa huo, kwa sababu kila kizidishi kinahesabiwa peke yake.

Panapovuja

Rudi kwenye mstari wa kwanza wa jedwali letu. Kwenye 0, mstari unasema 0.2667 na parabola 0.1714, wakati jibu ni 0. Kosa hilo ni kubwa mara kadhaa kuliko kosa la kawaida tulilolihesabu, na wala si ajali. Grafu ya √x inapanda wima pale inapoanzia, na hakuna polinomia inayoweza kupanda wima. Mdondosho wetu unapunguza wastani. Haujaahidi kitu kuhusu sehemu moja mahususi, hasa ya pembezoni. Uko tayari kukosea sana katika kipande kifupi ikiwa hilo linanufaisha kipande kirefu.

Anayetaka kosa kubwa kuliko yote liwe dogo iwezekanavyo anatumia kipimo kingine, kile kilichofanyiwa kazi na Mrusi Pafnuti Chebyshev katika karne ya 19. Kwa kipimo hicho mstari bora ni x + 1/8, na kosa lake halizidi 1/8 popote. Lakini wastani wa miraba yake ni 7/960, zaidi ya mara tatu ya 1/450 yetu. Mistari yote miwili ni bora, kila mmoja kwa swali lake, na lazima mtu ajue ameuliza lipi.

Kwa kipeuo cha pili kuna tiba nzuri kuliko kupandisha daraja, nayo ni kuikimbia 0. Namba yoyote chanya inaweza kuzidishwa au kugawanywa kwa 4 mara kadhaa hadi iingie kati ya 1/4 na 1, na kila hatua ya namna hiyo inabadilisha kipeuo kwa 2 tu. Tukidondosha timazi upya, safari hii kuanzia 1/4 hadi 1, kwa hatua zile zile tunapata:

(50 + 88x)/135

Katika eneo hili kosa kubwa zaidi liko kwenye 1/4, ambapo mstari unatoa 0.5333 badala ya 0.5. Kosa la 0.2667 limeshuka hadi 0.0333, mara nane pungufu, na polinomia bado ni mstari mnyoofu.

Tuutumie kutafuta kipeuo cha 3. Tunagawanya 3 kwa 4, tunapata 0.75. Mstari unatoa 116/135, yaani 0.8593. Tukizidisha kwa 2 tuna 1.7185, wakati jibu sahihi ni 1.7321. Makadirio haya yanaweza kunolewa kwa hatua ya kale inayoitwa kwa jina la Heroni wa Aleksandria: gawanya 0.75 kwa makadirio, kisha chukua wastani wa makadirio na jibu hilo. 0.75 ukiigawanya kwa 0.8593 unapata 0.8728, na wastani wao ni 0.86605. Tukizidisha kwa 2 tunapata 1.73210, dhidi ya 1.73205 ya kweli.

Mstari mmoja na hatua moja ya kunoa vimetufikisha kwenye kosa la 0.00005. Parabola kwenye eneo la awali isingetupa mwanzo salama namna hiyo, kwa sababu karibu na 0 makadirio yake yako mbali na jibu, na hatua ya Heroni ingelazimika kurudiwa mara nyingi. Mdondosho wa pembe mraba hutoa polinomia bora ya eneo ulilolitaja na kwa kipimo ulichokichagua. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza daraja, kwanza angalia kama eneo lenyewe limechaguliwa vizuri.